Mtandao ulikatika siku kumi na mbili, bili imekuja kamili: je, nikate huduma au nidai pesa yangu?

“Nakaa Bamburi, Mombasa. Nalipa intaneti ya faiba shilingi 3,600 kwa mwezi, na bili huja mwezi ukiisha. Juni hii ilikatika tarehe 6 saa mbili usiku. Kesho yake saa tatu asubuhi nikapiga simu, wakanipa namba ya tiketi. Ilirudi tarehe 19 saa saba mchana. Sasa bili imekuja kamili na mwisho wa kulipa ni tarehe 10 Julai. Nikiuliza naambiwa huenda umeme wangu ndio uliokuwa na tatizo. Mume wangu asema tukate tuhamie kwengine, lakini laini yenyewe ikiwepo haina ubaya. Naweza kudai zile siku bila kukata?”

Waweza, dada, na ningekuomba udai kwanza kabla hamjaamua lolote kuhusu kuhama. Haya ni mambo mawili na kila moja lina njia yake. Kukata huduma kunahusu miezi ijayo. Pesa ya siku zile inahusu mwezi uliokwisha pita, na kampuni haitakurudishia kwa sababu tu umeondoka. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye dawati la bili la kampuni ya intaneti, na niliona wateja wengi wakikata kwa hasira halafu wakaanza kudai. Kufikia hapo akaunti yao imeshafungwa. Kampuni ikikubali kosa, marejesho yake ya kawaida ni kupunguza bili inayofuata, na aliyeondoka hana bili inayofuata. Juu ya hayo, mikataba mingi inataka notisi ya siku 30 kabla ya kukata, inataka ruta irudishwe, na kama hujamaliza mwaka tangu wakufungie huenda wakakudai gharama ya kufungiwa. Mtu anatoka akiwa na deni pale alipotakiwa kudai yeye.

Sasa tuelewane kwanza unadai nini. Usidai fidia. Usiandike kwamba mtoto alikosa masomo, wala kwamba ulinunua bando za simu za elfu mbili, hata kama yote ni kweli. Karibu kila mkataba wa intaneti ya nyumbani una kipengele kinachosema kampuni haibebi hasara zinazotokana na kukatika kwa huduma, na ukiziingiza hasara hizo kwenye barua unampa karani sababu ya kukujibu kwa kipengele hicho na kufunga faili. Wewe dai bei ya huduma ambayo hukupewa, basi. Bili ya Juni inasema umeuziwa siku 30 za mtandao, nawe umepokea pungufu. Unachoomba ni bili isahihishwe ilingane na kilichotolewa. Dai la namna hii ni gumu kulipinga, na karani wa kawaida anaweza kulipitisha bila kumuita mwanasheria wa kampuni.

Hesabu yake tuifanye pamoja, maana hapa ndipo barua nyingi huharibika. Mteja huandika “nirudishieni pesa yangu ya wiki mbili”, karani anafungua mfumo, anakuta si wiki mbili, anajibu kwamba dai halilingani na kumbukumbu. Wewe hesabu kwa saa. Juni ina siku 30, yaani saa 720. Gawa shilingi 3,600 kwa 720, unapata shilingi 5 kwa saa. Kutoka tarehe 6 saa mbili usiku hadi tarehe 18 saa mbili usiku ni siku 12 kamili, saa 288. Kutoka hapo hadi tarehe 19 saa saba mchana ni saa 17. Jumla saa 305. Mara 5, ni shilingi 1,525. Ingekuwa mwezi wa siku 31 ungegawa kwa saa 744.

Tumia ile 3,600 uliyotozwa, kodi zikiwa ndani. Bili yako bila shaka ina mstari wa bei kabla ya kodi na mstari wa jumla, na nimeona marejesho yakihesabiwa kwenye ule mstari wa juu, mdogo. Kodi imetozwa juu ya huduma, na pale ambapo huduma haikutolewa kodi nayo inarudi pamoja na bei. Ukiona umerejeshewa kiasi cha ajabu kisichofika ulichohesabu, angalia hapo kwanza.

Lipo jambo moja litakaloipunguza 1,525 yako kidogo, nalo ni saa ya kuanza kuhesabu. Kwako mtandao ulikatika tarehe 6 usiku. Kwa kampuni nyingi ulikatika pale tiketi ilipofunguliwa, tarehe 7 saa tatu asubuhi, kwa sababu mkataba unasema muda unahesabiwa tangu mteja aliporipoti. Kutoka hapo hadi tarehe 19 saa saba mchana ni siku 12 na saa 4, yaani saa 292, yaani shilingi 1,460. Tofauti ni shilingi 65. Dai 1,525, kwa sababu ndiyo kweli. Wakikujibu 1,460 wakakuonyesha kipengele chenyewe, kubali. Sioni faida ya kuvuta wiki tatu zaidi kwa shilingi 65.

Lakini chunguza kitu kimoja kabla ya kukubali hesabu yao. Je, tiketi yako ilibaki wazi siku zote zile? Kuna mchezo wa mfumo ambao mara nyingi hata si ubaya wa mtu. Fundi anapita kwenye nguzo, anagusa waya, anaandika “imetengenezwa”, tiketi inafungwa yenyewe na wewe unatumiwa SMS kwamba tatizo limetatuliwa, usipojibu ndani ya muda fulani ndio basi. Wewe uko gizani hujaisoma. Siku tatu baadaye unapiga simu tena kwa hasira, unapewa namba mpya. Kwenye kompyuta yao sasa umekatikiwa mara mbili fupi, na katikati kuna siku tatu ambazo eti ulikuwa na mtandao. Kwa hiyo rudi kwenye simu yako utafute kila SMS kutoka kwao tangu tarehe 6. Ukikuta namba za tiketi ni mbili au tatu, ziandike zote kwenye barua na useme wazi kwamba ni tatizo moja lisilokatika.

Tuje kwenye hilo la umeme, maana ndilo watakalolishikilia.

Kile kisanduku kidogo cha faiba ukutani kina taa. Moja imeandikwa PON, nyingine LOS. Mambo yakiwa sawa PON huwaka kijani imetulia na LOS imezimika. Waya wa faiba ukikatika huko njiani, au ukichomoka kwenye sanduku la nguzo, mwanga haufiki kwako, na LOS huanza kupepesa nyekundu. Kumbuka kwamba ili taa ipepese nyekundu lazima kisanduku kiwe na umeme. Umeme ukikosekana nyumbani taa zote zinazima. Kwa hiyo kama katika siku zile mtu yeyote nyumbani alipiga picha ya ile taa nyekundu, hata ile picha uliyomtumia fundi kwenye WhatsApp, hoja ya umeme imekufa. Picha ya simu ina tarehe na saa ndani yake. Usiikate wala kuipitisha kwenye programu ya kuipamba. Itume kama faili ilivyo.

Na kama hukupiga picha, kampuni yenyewe inayo kumbukumbu, ila haikwambii. Kisanduku chako kinaongea muda wote na mashine kuu iliyo kwenye kituo chao. Kinapozimwa ghafla kwa kukosa umeme, visanduku vingi hubaki na nguvu ya sehemu ndogo ya sekunde, na katika muda huo hutuma ujumbe wa mwisho kwa mashine kuu. Kwenye skrini zao ujumbe huo huitwa Dying Gasp. Faiba ikikatika, ujumbe huo hautumwi, kwa sababu njia ya kuutuma ndiyo iliyokatika. Mashine kuu inaandika LOS tu. Kwa hiyo fundi aliyeko ofisini akifungua historia ya kisanduku chako ya tarehe 6 saa mbili usiku, anaona kwa dakika moja kama ulikuwa umeme wako au waya wao. Kwenye barua omba historia hiyo kwa jina. Wanaposoma mteja ametaja Dying Gasp, hadithi ya umeme huwa hairudi tena. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa mbele ya skrini ile nikimsikiliza mwenzangu akimwambia mama wa watu aangalie soketi yake, na historia mbele yetu ilionyesha nyumba zote sita za jengo lake zimepoteza mwanga dakika ile ile. Ilinichoma sana. Kwa hiyo waulize majirani zako pia. Nyumba mbili zikizimika kwa pamoja kwenye laini ya kampuni moja, hapo hakuna soketi ya mtu.

Barua yenyewe iandike hivi, fupi, kwa barua pepe na si kwa simu. Simu haiachi kitu mkononi mwako.

“Akaunti namba (weka yako). Tiketi namba (weka zote). Huduma ilikatika tarehe 6 Juni saa 2:00 usiku ikarejea tarehe 19 Juni saa 7:00 mchana, jumla saa 305. Niliripoti tarehe 7 Juni saa 3:00 asubuhi. Bili ya Juni ni shilingi 3,600 kwa saa 720, sawa na shilingi 5 kwa saa. Naomba bili hiyo ipunguzwe shilingi 1,525 kabla ya tarehe 10 Julai. Kama mnaona sababu ilikuwa umeme wangu, naomba historia ya kisanduku changu ya tarehe 6 Juni inayoonyesha Dying Gasp au LOS. Naendelea na huduma, siombi kukata. Naomba jibu kwa maandishi.”

Usiongeze kitu. Ile sentensi ya “siombi kukata” nimeiweka makusudi. Barua za malalamiko hupangwa, na inayonuka kuondoka hupelekwa kwa dawati la kubembeleza wateja wasihame, ambao hawana ruhusa ya kugusa bili. Kazi yao ni kukupa zawadi. Utapigiwa simu ya upole utaambiwa watakuongezea kasi maradufu kwa wiki mbili, au utafunguliwa chaneli za sinema. Mwambie ahsante, lakini ombi lako ni bili isahihishwe. Kasi maradufu haiwagharimu kitu, nawe umelipia saa 305 za kutokuwa na kasi yoyote.

Kuongezewa siku ni jambo jingine, na wakikupa hilo lifikirie. Kwa wanaolipa kabla, wale wa kulipia siku 30 kwa M-Pesa na mtandao kuzima siku ikifika, hiyo ndiyo njia rahisi kabisa ya kurejeshewa: siku 13 zinasogezwa mbele na hakuna pesa inayotembea. Kwao tatizo ni kwamba ile saa ya siku 30 huendelea kukimbia hata mtandao ukiwa umekufa, kwa hiyo wanatakiwa waombe siku mara tu huduma inaporejea, kabla kifurushi hakijaisha. Kwako unayelipa baada ya mwezi, kupunguziwa bili ni bora zaidi, kwa sababu hata mkihama mwezi ujao faida yake mmeshaipata.

Itakapokaribia tarehe 10 na hujajibiwa, utajaribiwa kulipa shilingi 2,075, ile 3,600 ukitoa 1,525. Usifanye hivyo. Najua ni haki yako, lakini mashine inayofunga laini haisomi barua. Inaona akaunti ina deni, inazima, na ukitaka kuwashiwa huenda ukatozwa ya kuunganishwa upya. Hapo umewapa kosa lako la kuzungumzia badala ya lao. Lipa 3,600 yote kwa M-Pesa, uhifadhi ujumbe wenye namba ya muamala, halafu siku hiyo hiyo uandike chini ya barua pepe ile ile: “Nimelipa kamili ili huduma isikatwe. Kulipa huku si kukubali kwamba bili ni sahihi. Dai langu la shilingi 1,525 liko pale pale na naomba lipunguzwe kwenye bili ya Julai.” Kulipa huku ukipinga hakukupotezei dai. Kunakupotezea tu mwezi mmoja wa kungoja.

Jibu lingine utakalolipata ni kwamba waya ulikatwa na mkandarasi wa barabara, au na wezi, na hilo liko nje ya uwezo wao. Huenda ni kweli. Soma mkataba wako vizuri kwenye kipengele hicho, maana kwa kawaida kinawaondolea lawama ya kuchelewa na ya hasara yako. Kusamehewa kutotoa huduma na kuruhusiwa kuitoza ni vitu viwili. Jibu lako liwe sentensi moja: “Sidai fidia kwa kukatika, naomba nisitozwe kwa saa ambazo hamkutoa huduma.” Kama mkataba wenyewe unasema kwa maneno ya wazi kwamba hakuna marejesho kwa kukatika kwa aina yoyote, hapo ndipo sheria inapoingia. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na iko pia Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Zitaje zote mbili kwenye barua ya pili, si ya kwanza. Barua ya kwanza ni ya karani wa bili, naye hahitaji kutishwa.

Nikwambie pia mahali ambapo dai la namna hii halifiki, ili usimshauri jirani vibaya. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na kwa majirani. Wengi walidai siku zile zirudishwe. Lakini nyumbani kwao PON ilikuwa kijani, mashine ya kampuni ilikuwa inawaona, na kurasa zilifunguka ingawa kwa kujikokota. Vifurushi vya nyumbani huuzwa kwa kasi ya “hadi” kiasi fulani, na neno hilo “hadi” linabeba mengi. Kukosa kabisa kunahesabika kwa saa. Kudorora hakuhesabiki hivyo, na bila vipimo vya kasi vya kila siku hutapata zaidi ya pole.

Wakinyamaza wiki mbili, au wakikataa bila kukupa historia ya kisanduku, peleka faili lote Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mamlaka hukutaka uwe umemlalamikia mtoa huduma kwanza, kwa hiyo ile barua pepe yako na namba za tiketi ndizo tiketi yako ya kuingilia. Ambatanisha bili, picha ya taa, SMS zao na majibu yao kwa mpangilio wa tarehe. Mara nyingi faili lililopangwa vizuri likirudishwa kwa kampuni kupitia Mamlaka hutua kwenye meza tofauti kabisa na ile iliyokukataa. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, nawe waweza kujisimamia bila wakili. Kwa 1,525 peke yake nauli na siku utakazopoteza zitaimeza pesa. Ningeifikiria tu kama wamekutoza miezi mingi ya aina hii.

Kuhusu kuhama, mwambie mzee asubiri bili ya Julai. Ikija imeandikwa upungufu wa 1,525 au hata 1,460, mtakuwa mmepata kampuni inayosahihisha makosa yake, na hilo lina thamani mkikaa nao. Ikija kamili tena na bila jibu, andikeni notisi ya siku 30 siku hiyo hiyo, na ndani ya notisi mtaje kwamba shilingi 1,525 ikatwe kwenye bili ya mwisho. Kabla ya kurudisha ruta piga picha ya namba iliyoandikwa mgongoni mwake, na fundi akija kuichukua mwombe aweke sahihi kwenye karatasi kwamba ameipokea.